Ibuprofeni na aspirini za kila mara: tumbo, figo na damu

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 48. Kichwa huniuma siku nne au tano kwa wiki, nami humeza ibuprofeni ya miligramu 400 asubuhi na jioni. Huwa nakula kwanza. Je, hilo halitoshi kulinda tumbo?

Kula kwanza hupunguza kichefuchefu na kiungulia, lakini hakuzuii vidonda vya tumbo. Ibuprofeni hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazoufanya ukuta wa tumbo utoe ute wa kuukinga dhidi ya asidi. Kwa kuwa dawa hufika kwenye ukuta huo kupitia damu, hata aspirini yenye ganda lisiloyeyuka tumboni haiondoi hatari hiyo.

Kinachotia wasiwasi zaidi ni kwamba kidonda cha aina hii mara nyingi hakiumi, na mtu huja kugundua anapotapika damu au vitu vinavyofanana na machicha ya kahawa, au anapopata choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali. Vidonge vya madini ya chuma navyo huufanya choo kuwa cheusi, ila mtu anayetumia ibuprofeni asijiamulie mwenyewe kwamba ni hivyo tu. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyewahi kuwa na vidonda, aliyevuka miaka 65, mnywaji wa pombe, na anayetumia prednisoloni au dawa za kuzuia damu kuganda.

Natumia pia losatani na dawa ya kukojosha kwa ajili ya presha. Kuna tatizo?

Lipo, na kwa maoni yangu hili ndilo linalopaswa kukusumbua kuliko tumbo. Figo huchuja damu kwa kutegemea msukumo, na maji yanapopungua mwilini, prostaglandini huupanua mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio ili msukumo usishuke. Ibuprofeni huuondoa msaada huo, losatani huulegeza mshipa wa kutolea damu, na dawa ya kukojosha hupunguza maji yenyewe. Siku ya kawaida figo zinaweza kustahimili, lakini ukipata kuharisha kwa siku mbili huku ukiendelea kumeza zote tatu, zinaweza kushindwa kufanya kazi ghafla. Hutasikia maumivu ya figo. Utaona labda mkojo umepungua na miguu imevimba, na mara nyingi ni kipimo cha damu cha kreatinini tu kinachoonyesha. Isitoshe, ibuprofeni yenyewe huweza kupandisha presha.

Mdogo wangu hutumia aspirini. Ni salama zaidi?

Hapana, na kwa upande wa kutoka damu athari yake hudumu zaidi. Aspirini huzilemaza chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, kwa maisha yao yote ya siku 7 hadi 10, wakati athari ya ibuprofeni kwa chembe hizo huisha kwa takriban siku moja. Ndiyo maana daktari wa meno au wa upasuaji lazima aambiwe. Homa ya dengue, ambayo Dar es Salaam imeipata kwa milipuko ukiwemo ule wa 2019, huzipunguza chembe hizo, hivyo kichwa kinachoambatana na homa kisitulizwe kwa dawa yoyote kati ya hizi mbili. Aspirini haifai pia kwa walio chini ya miaka 16. Asome pakiti, kwa sababu vidonge vingi vya madukani huchanganya aspirini, parasetamoli na kafeni. Hata hivyo, aliyeandikiwa aspirini ndogo ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo asiiache bila kumuuliza daktari wake.

Sasa nimeze nini?

Mtu mzima mwenye figo nzima, asiye mjamzito na asiyetumia dawa kama zako, anaweza kumeza ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400 baada ya chakula, bila kuzidi 1200 kwa siku, na kwa maumivu ya kichwa isizidi siku mbili kwa wiki. Wewe usiimeze mpaka daktari apime figo zako. Parasetamoli ndiyo inayokufaa zaidi kama ini lako ni zima: vidonge viwili vya miligramu 500, angalau saa sita kati ya dozi, visizidi vinane kwa siku.

Siku nne au tano kwa wiki ni kama 16 hadi 20 kwa mwezi. Dawa hizi zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa, na parasetamoli nayo haina msamaha hapo. Ukiziacha, tarajia kichwa kuuma zaidi kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla ya kupungua. Kama una kipandauso, zipo dawa za kukizuia ambazo daktari anaweza kukuandikia. Lakini kichwa kikiuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au kikija na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa, nenda hospitali mara moja.