Wasifu wa mkulima kwenye maombi ya mkopo: tani na lita zikubaliane

Kazi yangu ni kuwaandalia wakulima waliofungua biashara maombi yao ya mikopo na ya wawekezaji. Kwenye faili zima, ukurasa ninaoupigania zaidi ni wasifu wa mwenye biashara, kwa sababu wengi huujaza sifa: mchapakazi, mzoefu, mpenda kilimo. Ofisa mikopo hana pa kushika hapo. Anachotaka ni kuona mtu huyu alitokaje shambani hadi kwenye biashara, tena kwa vipimo anavyoweza kuvilinganisha na viambatisho.

Mfano ni mama mmoja mkulima wa alizeti, ambaye sasa anakamua mafuta. Rasimu yake ilisema kwamba mwaka 2023 alipata tani 40 za alizeti na kuzalisha lita 18,000 za mafuta. Hakukusudia kumdanganya mtu. Ila ofisa anayeijua biashara hii hupiga hesabu palepale. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo lita 18,000 ni tani 16 na nusu. Kwa tani 40 za alizeti, hiyo ni asilimia 41. Mashine ndogo ya kukamua, ikilishwa alizeti yenye maganda yake, kwa kawaida hutoa mafuta kati ya robo na theluthi ya uzito. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni mashudu. Ofisa akikutana na asilimia 41 ataanza kutilia shaka hata namba zilizo za kweli.

Tulifungua daftari lake la mapokezi, na jibu lilikuwa humo. Mbali na tani zake 40, alikuwa amekamua tani 20 za watu waliomlipa ada na kuondoka na mafuta yao. Alikuwa amejumlisha mafuta yote, lakini alizeti akahesabu yake tu. Lita 18,000 kwa tani 60 ni lita 300 kwa kila tani, yaani asilimia 28 hivi, kiwango ambacho mtaalamu hawezi kukipinga. Mafuta yake mwenyewe basi yalikuwa lita 12,000.

Aliona uchungu kuiacha ile namba kubwa. Mimi naamini ndogo ilimjenga zaidi. Sasa ilionekana wazi kwamba ana vyanzo viwili vya mapato, na kimojawapo, ada ya kukamulia wengine, hakimlazimu kufungia mtaji kwenye alizeti. Kwa mtu anayepima uwezo wa kurejesha mkopo, hilo lina uzito.

Tuliandika hivi:

"Alianza kulima alizeti mwaka 2015 kwenye ekari 3, akiwauzia madalali. Mwaka 2019 alinunua mashine ya kukamua kwa mkopo wa miezi 24 wa chama cha akiba na mikopo, akaumaliza kwa wakati (kiambatisho 1). Mwaka 2022 mvua zilikatika mapema na tani zake zikashuka hadi 22. Aliziba sehemu ya pengo kwa kuwauzia mashudu wafugaji waliokosa malisho. Mwaka 2023 alikamua tani 60: tani 40 zake, zilizotoa lita 12,000 alizouza (kiambatisho 2), na tani 20 za wateja kwa ada (kiambatisho 3)."

Huo mwaka 2022 alitaka tuuruke. Nilikataa, kwa sababu taarifa ya benki itauonyesha vilevile. Ofisa akiugundua mwenyewe, ataona kuna jambo limefichwa. Akiusoma kwenye wasifu pamoja na hatua zilizochukuliwa, anajifunza jinsi mwombaji anavyofanya msimu ukiharibika. Sharti ni moja: mauzo yale ya mashudu yawe na stakabadhi au yaonekane kwenye akaunti. Hatua isiyo na ushahidi ni heri isiandikwe.

Kiambatisho 2 kilituchukua muda kuliko vingine. Stakabadhi za wanunuzi wa mafuta zilikuwa na jina lake binafsi, huku akaunti ikiwa na jina la biashara. Tukaweka barua fupi inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mwombaji mmoja, pamoja na nakala ya cheti cha usajili. Bila hiyo, lita 12,000 zingebaki maneno matupu.

Wasifu huohuo ukienda kwa mwekezaji, huwa naongeza sentensi moja ambayo mkopeshaji huwa haiulizii sana: nani anaendesha mashine na kupima mizigo mwenye biashara asipokuwepo, na tangu lini. Mwekezaji ananunua sehemu ya biashara, na kama kila kilo inapimwa na mama huyu peke yake, biashara itakua hadi pale muda wake unapoishia. Kwake tuliandika kwamba mizani na daftari viko mikononi mwa msaidizi tangu mwaka 2021, na saini za daftari zinathibitisha hivyo.