4-4-2 na 4-3-3: nani anafunika pembeni, nani anafunika katikati?

Ubishi wa mifumo ya soka mara nyingi unaishia kwenye kauli mbili. Ya kwanza ni kwamba 4-4-2 iliyonyooka, yaani mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili, ina watu wa kutosha pembeni ila katikati inazidiwa. Ya pili ni kwamba 4-3-3, yenye viungo watatu na washambuliaji watatu, inatawala katikati na bado ina mawinga, kwa hiyo haina pungufu. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, ndiyo maana hazifi. Kasoro yake ni kwamba zinahesabu watu kwenye ubao wa kocha, wakati wachezaji wenyewe wako kwenye uwanja ambao kwa mechi kubwa una upana wa mita 68.

Dhana potofu: Viungo wanne wa 4-4-2 wanafunika upana wote

Hawawezi. Wakiachiana mita 10 kila mmoja na mwenzake, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho ni mita 30. Mpe kila aliye ukingoni mita 5 nyingine ambazo anaweza kuzifikia kabla mpinzani hajautuliza mpira, unapata mita 40, karibu sawa kabisa na upana wa boksi la kumi na nane. Mita 28 zinabaki wazi. Wakijitanua ili kuziziba, nafasi kati ya kiungo na kiungo inakuwa kubwa kiasi kwamba pasi ya chini inapita bila mtu kunyoosha mguu, na wapinzani wanapokea mpira nyuma yao wakiwa wamegeukia goli.

Kinachofanyika kwenye timu iliyofundishwa vizuri ni mstari mzima kuhama kwa pamoja kuufuata mpira. Tuseme mpira uko kwa beki wa kushoto wa wapinzani. Winga wa kulia anamtokea. Kiungo wa kati wa upande huo anasogea kama mita 10 kwa ndani na nyuma kidogo ya winga, ili pasi ya kuingia katikati isipite. Mwenzake anafuata kwa umbali uleule. Winga wa kushoto anaacha chaki na kuingia ndani hadi ukingo wa duara la katikati.

Huyo wa mwisho ndiye wa kumtazama. Ukingo wa duara uko mita 25 hivi kutoka chaki, kwa hiyo beki wa wapinzani aliyeachwa kule pembeni yuko mbali naye kama mita 20. Mpira mrefu wa mita 45 wa kuhamisha upande unakaa hewani sekunde mbili na nusu hivi. Mtu mwenye mbio za kawaida za mchezaji anakata mita 15 hadi 17 kwa muda huo, na anafika wakati mpokeaji ndiyo kwanza anautuliza mpira. Upande ule haukusahauliwa. Umeachwa kwa hesabu, kwa sababu mpira unachukua muda kufika huko. Hesabu inavurugika pale winga anapobaki amesimama chaki "kumlinda mtu wake": kati yake na kiungo wa kati linafunguka pengo, na pengo hilo liko karibu na goli kuliko pembeni yenyewe.

Dhana potofu: Viungo wawili lazima wazidiwe na watatu

Hapa ndipo penye utamu wa mjadala wote, na José Mourinho alilieleza vizuri wakati yuko kocha wa Chelsea. Hoja yake ilikuwa kwamba akiwa na pembetatu katikati, Claude Makélélé nyuma na wawili mbele yake, siku zote ana faida dhidi ya 4-4-2 ambayo viungo wake wawili wamesimama sambamba. Wakimfuata Makélélé, wawili wa mbele wanabaki huru. Wasipomfuata, Makélélé ana muda wa kuangalia uwanja wote na kuchagua pasi.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2011 pale Wembley inaonyesha hoja hiyo ikitimia. Manchester United walikuwa na Michael Carrick na Ryan Giggs katikati, Antonio Valencia na Park Ji-sung pembeni, Wayne Rooney akicheza nyuma kidogo ya Javier Hernández. Barcelona walikuwa na Sergio Busquets, Xavi na Andrés Iniesta, kisha Lionel Messi, ambaye kwenye karatasi alikuwa mshambuliaji wa kati, akishuka kuungana nao. Tayari ni wanne dhidi ya wawili. Rooney alishuka mara kwa mara kumzuia Busquets, lakini si kila mara, na mabeki wa kati Rio Ferdinand na Nemanja Vidić walijua kwamba wakimfuata Messi hadi katikati, David Villa na Pedro wangekata kwenye nafasi waliyoiacha. Bao la kwanza, dakika ya 27, lilianza na Xavi akiwa na mpira katikati bila mtu wa kumbana: akatazama, akampenyezea Pedro, Pedro akafunga. Rooney alisawazisha, lakini dakika ya 54 Messi alipata mpira mbele ya boksi, akasogea, akapiga kabla hajafikiwa. Mechi iliisha 3-1.

Wengi waliondoka na somo kwamba 4-4-2 imekufa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 9 Aprili 2014, Atlético Madrid ya Diego Simeone iliipokea Barcelona kwenye uwanja wake wa Vicente Calderón kwenye marudiano ya robo fainali, baada ya sare ya 1-1 Camp Nou. Busquets, Xavi, Iniesta na Messi walikuwepo wote wanne. Atlético walipanga 4-4-2, Koke akafunga dakika ya 5, na ikaisha 1-0. Barcelona, ambao walikuwa wamefika nusu fainali misimu sita mfululizo, wakatoka.

Tofauti ya kwanza ilikuwa kazi ya washambuliaji. Diego Costa alikuwa majeruhi, wakaanza Villa, huyuhuyu wa 2011 sasa akiwa upande wa pili, pamoja na Adrián. Mpira ukiwa kwa mabeki wa kati wa Barcelona, wawili hawa hawakukimbilia kuupokonya. Walirudi hadi karibu na Busquets, mmoja wao akihakikisha hapokei akiwa amegeukia mbele. Hapo hesabu ya watatu kwa wawili inakuwa watatu kwa watatu, bila kumwongeza kiungo yeyote kwenye orodha.

Ya pili, ambayo wengi hawaitaji, ni aina ya watu waliowekwa pembeni. Koke na Raúl García si mawinga. Ni watu wa katikati waliopewa namba za pembeni, na mpira ukiwa upande wa pili waliingia ndani kiasi kwamba viungo wanne wa Atlético walionekana kama viungo wa kati wanne. Gabi na Tiago hawakuwahi kuwa wawili peke yao. Mistari miwili ya wanne ilikaribiana, na ile nafasi kati ya mabeki na viungo ambayo Messi anaitafuta ikabanwa.

Bei yake ilikuwa pembeni, na Simeone aliilipa kwa hiari. Dani Alves na Jordi Alba walipata nafasi ya kupanda, krosi zikaja. Lakini krosi hizo zilikuwa zinawalenga washambuliaji wafupi waliosimama kati ya Diego Godín na Miranda, na mpira wa juu kwa mabeki wale ni chakula.

Kwa hiyo viungo wawili huzidiwa pale wanapoachwa wawili. Kulijua hilo uwanjani, mtazame namba sita wa wapinzani, kiungo wao wa nyuma, anapopokea mpira. Akipokea akiwa amelipa mgongo goli lake mwenyewe, mara tatu nne mfululizo, basi washambuliaji wa 4-4-2 hawafanyi kazi yao, na kumlaumu kiungo wa kati ni kumwonea.

Dhana potofu: 4-3-3 ina upana kwa sababu ina mawinga

Ukiwa na mpira, ndiyo. Mawinga wanaanza juu, wanawabana mabeki wa pembeni wasipande, na uwanja unatanuka. Ukipoteza mpira, rudia hesabu ile ya mwanzo. Viungo watatu wakiachiana mita 10 ni mita 20, ongeza 5 kila upande, unapata 30. Zimebaki mita 38 badala ya 28. Yaani mfumo unaosifiwa kwa upana unaacha mita 10 zaidi wazi kwenye mstari wa viungo, endapo mawinga watabaki juu.

Swali gumu la 4-3-3 ni hili: beki wa pembeni wa wapinzani akipanda na mpira, nani anamtokea? Akitoka namba nane, mmoja wa viungo wawili wa mbele, namba sita anapaswa kuteleza kuziba alipotoka, na namba nane wa pili aingie katikati. Mmoja akichelewa, utaiona pasi ileile ikijirudia: mpira unaenda kwa beki pembeni, namba nane anavutwa nje, kisha unarudishwa ndani mahali alipokuwa amesimama. Timu inayofungwa hivyo inaonekana imeumizwa pembeni, lakini aliyepokea pasi ya hatari alikuwa katikati.

Njia nyingine ni winga kurudi, na hapo 4-3-3 inageuka kuwa 4-1-4-1 au 4-5-1. Chelsea ya Mourinho msimu wa 2004/05 ilifanya hivyo. Damien Duff, Arjen Robben na Joe Cole walishambulia kama mawinga wa juu, ila mpira ukipotea walishuka kwenye mstari wa viungo, Makélélé akibaki mbele ya mabeki. Timu ile ilifungwa mabao 15 tu katika mechi 38 za ligi. Nayo ina gharama: mshambuliaji wa kati anabaki peke yake, mabeki wa kati wa wapinzani wanapanda na mpira bila kusumbuliwa, na mpira ukipatikana winga ana mita 50 za kukimbia kabla hajawa winga tena. Kocha anayetaka mawinga wake wasichoke, na bado anataka pembeni pafunikwe, inabidi achague kimoja.

Dhana potofu: Kilichofanya kazi Ulaya kinafanya kazi uwanja wowote

Sheria za mchezo zinaruhusu uwanja wa kuanzia mita 45 hadi 90 kwa upana. Mechi za kimataifa ndizo zinazobanwa kati ya 64 na 75. Kwenye uwanja wa mtaani au wa shule wenye upana wa mita 50, viungo wanne wanaoachiana mita 10 wanabakiza mita 10 tu, na hata watatu wanabakiza 20. Pembeni karibu pamejifunika penyewe. Wapinzani wanalazimika kupita katikati au kurusha mpira juu, na kiungo wa tatu hapo ana thamani kuliko winga wa pili. Timu hiyohiyo ikifika hatua inayochezwa kwenye uwanja mpana inakutana na mita 18 za nyongeza ambazo haijawahi kuzikaba. Kocha apime uwanja kwa hatua kabla ya kupanga majina, kisha awaonyeshe mawinga wake kwa koni ni wapi hasa wasimame mpira ukiwa upande wa pili.