Kasi ndogo kabisa ya rota: ukuta humshikaje abiria?

Rota ni mashine ya kuchezea katika viwanja vya burudani: pipa kubwa lililosimama wima. Abiria huingia ndani, huegemeza migongo ukutani, kisha pipa zima, pamoja na sakafu yake, huanza kuzunguka. Kasi ikishafika kiwango kinachotakiwa, sakafu huteremshwa, na abiria hubaki wamenata ukutani huku miguu yao ikining'inia. Mashine hii ilibuniwa na mhandisi Mjerumani, Ernst Hoffmeister, na ikaonyeshwa kwenye tamasha la Oktoberfest mjini Munich mwaka 1949. Ninafundisha mekanika, na kila mwaka huwapa wanafunzi wangu swali lile lile kuhusu pipa hili: lizunguke polepole kiasi gani kabla abiria hajaanza kuteleza? Hesabu yenyewe haizidi mistari mitatu. Kazi ipo katika namba moja iliyojificha ndani yake, na ndiyo nitakayoishughulikia zaidi hapa.

Tuanze na kani zinazomgusa abiria. Aliye ndani husema anasukumwa kuelekea nje, lakini anayetazama kutoka juu ya pipa huona jambo tofauti: mwili wa abiria unataka kwenda moja kwa moja, na ukuta unamzuia kwa kumsukuma mgongoni kuelekea kitovu. Msukumo huo wa ukuta ni wa mlalo mtupu, hauinui chochote. Uzito wake unaomvuta chini hauna budi kubebwa na kitu kingine, na kwa kuwa sakafu imekwisha kuondoka, kilichobaki ni msuguano kati ya nguo zake na ukuta.

Msuguano una tabia moja ambayo wanafunzi wengi huisahau. Hautoi kani yake yote wakati wote, bali hutoa kiasi kinachohitajika tu, mpaka ufike kikomo chake. Kikomo hicho ni msukumo wa ukuta uliozidishwa kwa namba ya msuguano, ambayo huandikwa kwa herufi ya Kigiriki µ na hutegemea aina ya nguo na aina ya ukuta. Kwa hiyo pipa likizunguka kwa kasi kubwa zaidi, msuguano unaombeba abiria hauongezeki hata kidogo. Unabaki sawasawa na uzito wake, la sivyo angepanda juu. Kinachoongezeka ni akiba iliyobaki kabla ya kikomo. Kasi ndogo kabisa ni ile ambayo akiba hiyo imekwisha:

```
N = m ω² r
µ N = m g
ω = √( g / (µ r) )
```

Hapa N ni msukumo wa ukuta, m ni tungamo la abiria, r ni nusu kipenyo cha pipa, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, na ω ni kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde. Tuchukue pipa lenye nusu kipenyo cha mita 2.2, na nguo ambazo µ yake dhidi ya ukuta ni 0.4. Tukizidisha 0.4 kwa 2.2 tunapata 0.88; 9.8 ikigawanywa kwa 0.88 ni 11.1, na kipeuo chake cha pili ni radiani 3.34 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mizunguko 32 kwa dakika, au mzunguko mmoja kwa muda usiofika sekunde mbili.

Tungamo la abiria limejifuta lenyewe, kwa sababu mtu mzito husukumwa na ukuta kwa nguvu zaidi kwa kiasi kile kile ambacho uzito wake umezidi. Mtoto wa kilo 30 na mtu mzima wa kilo 110, wakivaa nguo za aina moja, wananata kwa kasi moja. Au karibu moja, kwa maana r katika hesabu hii si umbali wa ukuta bali ni umbali wa kitovu cha uzito cha mwili, ambacho kiko mbele kidogo ya mgongo. Kwa mwembamba ambaye kitovu hicho kiko sentimita 8 kutoka ukutani, r ni mita 2.12, na kwa mnene ambaye kiko sentimita 20, r ni mita 2.0. Wa kwanza anahitaji mizunguko 32.5 kwa dakika, wa pili 33.4. Basi mnene akiteleza mapema kidogo, kosa ni la unene wake na si la kilo zake. Tofauti hiyo ni ndogo, na mara nyingi humezwa na tofauti ya nguo.

Nguo ndizo zenye neno hapa. Namba ya 0.4 haikutoka hewani: kuipata hakuhitaji pipa wala mota, kunahitaji ubao tu. Mimi hutumia ubao mpana niliougundishia kipande cha mpira wa kufunikia ukuta, na mfuko wa mchanga wa kilo kumi niliouvisha shati. Naulaza mfuko juu ya mpira, nashika ncha moja ya ubao, kisha nauinua polepole sana, macho yangu yakiwa kwenye ukingo wa chini wa kitambaa. Mwanzoni kitambaa hujivuta na kutengeneza mikunjo midogo bila mfuko kusogea. Halafu, ghafla, mfuko wote huondoka. Napima pembe ya ubao wakati huo, na tanjenti ya pembe hiyo ndiyo µ. Mfuko ukiondoka kwenye nyuzi 22, µ ni 0.40. Nikiuvisha koti la nailoni badala ya shati na ukaondoka kwenye nyuzi 17, µ ni 0.31.

Ubao na rota ni kitu kimoja kilichogeuzwa. Mwili wa abiria ukutani hauwezi kutenganisha mvutano wa dunia na athari ya mzunguko. Unahisi jumla ya vyote viwili kana kwamba ndio uzito wake mpya, unaoelekea nje na chini kidogo. Kwa mizunguko 32 kwa dakika katika pipa letu, mwelekeo wa uzito huo umepinda kwa nyuzi 22 kutoka kwenye mstari wa mlalo unaochoma ukuta. Yaani abiria yuko katika hali ile ile ya mtu aliyelala chali juu ya mteremko wa nyuzi 22. Ndiyo maana wengi wanaotoka kwenye rota husema ukuta uliwageukia ukawa kama sakafu iliyoinama. Kuongeza kasi ni sawa na kuulaza ubao, na kupunguza kasi ni sawa na kuuinua.

Kwa koti la nailoni, hesabu ile ile inadai mizunguko 36 kwa dakika. Pipa ni moja kwa wote, kwa hiyo kasi yake lazima ipangwe kwa ajili ya nguo telezi kuliko zote zinazoweza kuingia, si kwa nguo ya wastani. Na hapo kuna gharama ambayo fomula ya kasi haiionyeshi wazi. Kwenye kasi ndogo kabisa, msukumo wa ukuta ni uzito wa abiria ukigawanywa kwa µ, bila kujali ukubwa wa pipa. Kwa µ ya 0.4, mgongo unakandamizwa kwa mara 2.5 ya uzito, kwa 0.31, mara 3.2, kwa 0.25, mara 4. Kujenga pipa kubwa zaidi hakumpunguzii abiria mgandamizo huo hata chembe, kunapunguza tu idadi ya mizunguko kwa dakika. Njia pekee ya kumstarehesha, maadamu ukuta umesimama wima, ni kuufanya ukuta ukamate zaidi. Kwa hiyo naamini fundi anayechagua kifuniko cha ukuta anaamua mambo mengi kuliko yule anayechagua mota.

Kuna kosa moja katika majibu ya vitabuni ambalo nililijua kwa mgongo wangu. Niliwahi kuingia kwenye rota nikiwa nimevaa koti jepesi la mvua. Sakafu ilishuka, nikabaki juu kama wengine. Jirani yangu akanipiga kiwiko akijaribu kujigeuza, nami nikaanza kushuka taratibu, na sikusimama mpaka nyayo zikagusa sakafu, ingawa kasi ya pipa haikuwa imepungua. Koti lilibaki juu, limekunjamana kwapani.

Kilichotokea ni kwamba µ ziko mbili. Ile niliyopima kwa ubao ni ya msuguano tuli, yaani kabla kitu hakijasogea. Mwili ukishaanza kuteleza, kinachofanya kazi ni msuguano wa mwendo, ambao kwa kawaida ni mdogo zaidi. Tuseme µ tuli ni 0.40 na µ ya mwendo ni 0.32. Anayetulia ananata kuanzia mizunguko 32 kwa dakika, lakini aliyekwisha kuanza kuteleza hasimami mpaka pipa lifike karibu mizunguko 36. Kati ya kasi hizo mbili kuna eneo la hadaa, ambamo watu wote wanaonekana wamenata vizuri, ilhali kiwiko kimoja kinatosha kumwangusha mmoja wao. Kwa ubao jambo hili huonekana waziwazi: mfuko ukishaondoka, hausimami hata ukiushusha ubao nyuzi moja au mbili, unaendelea kuteleza mpaka uulaze vya kutosha. Pembe inayousimamisha ndiyo inayostahili kuingizwa kwenye fomula, na si ile iliyouondoa.

Kasi ya kuteremshia sakafu, basi, huhesabiwa kwa µ ya mwendo ya nguo telezi kuliko zote, kisha huongezwa akiba. Kwa koti langu, kama µ yake ya mwendo ilikuwa 0.25, pipa la mita 2.2 lingehitaji mizunguko 40 kwa dakika kabla ya akiba yoyote, nalo lingewakandamiza wote kwa mara nne ya uzito wao kwa ajili yangu peke yangu. Ni afadhali kuniambia nilivue mlangoni.

Wakati wa kusimamisha pipa mambo huwa mapole kuliko watu wanavyodhani. Kasi ikishuka chini ya kikomo, msuguano hautoweki, unapungua kwa kipeo cha pili cha kasi. Tukitumia tena 0.40 na 0.32, kwenye asilimia 90 ya kasi ndogo kabisa msuguano wa mwendo bado unabeba karibu asilimia 65 ya uzito, na abiria anashuka kwa mchapuko wa theluthi moja tu ya ule wa kuanguka. Kwenye nusu ya kasi, hata hivyo, unabeba asilimia 20 peke yake, na hapo ni kuanguka hasa. Kwa sababu hiyo ni salama zaidi sakafu irudishwe chini ya nyayo kwanza, ndipo breki ifuate.