"Mwaminifu" kwenye kava leta ya kazi ya usafi maana yake nini hasa

Wiki hii nimesoma tena barua tano za watu wanaoomba kazi ya usafi na zote zimeanza na "mimi ni mwaminifu na mchapakazi". Mmoja akaeleza vizuri tu kwamba hajawahi kukosa kazini hata siku moja, halafu akamalizia "ndo maana najiita mwaminifu". Hapo nikaona niandike, maana hilo neno tunalibebesha mzigo usio wake.

Kava leta yenyewe ni barua fupi, ukurasa mmoja, inaenda pamoja na sivii kumwambia mwajiri kwa nini unaifaa kazi hii. Basi, hapo hakuna kigumu.

Ugumu uko kwenye mwaminifu. Limetokana na kuamini, na kuamini tumelipata kwenye Kiarabu, shina lilelile lililotupa amani na amana. Amana ndo ya kushika hapa. Amana ni kitu cha mtu, umeachiwa ukitunze, na mwenyewe akirudi akikute kama alivyokiacha. Hausikipa wa loji anashika amana kila siku hata kama hakuna anayeiita hivyo: ufunguo unaofungua vyumba vyote, begi la mgeni lililoachwa wazi, saa iliyosahaulika bafuni, na mambo ya mgeni ambayo amejikuta ameyaona. Wa ofisini ndo kabisa, anaachiwa jengo jioni wenyewe wameshaondoka na makaratasi yako juu ya meza.

Kuwahi kazini kila siku siyo amana, huko ni kutegemewa. Kumtegemea mtu ni kama kumwegemea, unaweka uzito wako juu yake, sasa akitoka ghafla unaanguka hata kama hajakuibia chochote. Kuna mtu hagusi hata sindano ya mgeni lakini Jumatatu haonekani na simu kazima, na kuna mwingine anawahi kuliko wote ila kila anapopita chenji zinapungua. Msimamizi anayegawa vyumba asubuhi anayaogopa yote mawili, lakini ni hofu mbili tofauti na kila moja inataka jibu lake kwenye barua.

Ngoja nichukue barua ya yule dada aliyesema hajawahi kukosa. Nilipomuuliza nikakuta ana mengi ya maana ambayo hakuyaandika. Kazi yake iliyopita alikuwa anasaini rejista anapochukua funguo asubuhi na anaporudisha jioni. Siku moja akatandua kitanda akakuta pete kwenye mikunjo ya shuka, mgeni ameshaondoka, yeye hakuiweka mfukoni "nimpe baadaye", alimwita msimamizi palepale wakaandika namba ya chumba, tarehe, saa na mahali ilipokutwa, wote wawili wakasaini. Hiyo ndo amana, na ingemtosha sentensi mbili tu: "Nilikuwa nashika funguo za vyumba vyote na kuzirudisha kwa saini kila zamu. Kitu cha mgeni nikikikuta nakikabidhi siku hiyohiyo na kinaandikwa kwenye rejista." Kule kutokukosa kungekaa sentensi yake peke yake, pamoja na miezi aliyofanya kazi na kwamba akipata dharura anapiga simu kabla zamu haijaanza.

Angalia pia kwamba kwenye hizo sentensi mbili hakuna jina la mgeni wala kitu chenyewe kilikuwa nini. Wapo wanaoandika kabisa "nilikuta bahasha ya hela kwenye chumba cha mheshimiwa fulani", wanadhani wanajisifu, kumbe anayesoma anajiuliza huyu na sisi atatusimulia wapi. Siri nayo ni amana.

Umakini nao uoneshwe kwa kitendo kimoja kidogo. Kitambaa cha chooni hakigusi sinki, dawa unaiacha ikae dakika zilizoandikwa kwenye chupa ndo unafuta, ukimaliza chumba unarudi kusimama mlangoni ukiangalia kama mgeni anayeingia. Kwa ofisi mimi napenda hiki: karatasi iliyoanguka pembeni ya ndoo ya taka haitupwi, inarudishwa mezani, kinachotupwa ni kilicho ndani ya ndoo. Mtu akiniandikia hivyo najua kazi ameifanya kweli.

Kwa hiyo ndugu yangu, si kwamba umekosea kujiita mwaminifu, ila neno hilo hupewa na yule aliyekuachia kitu. Mwombe ruhusa, uweke namba yake chini ya barua ili aliseme mwenyewe akipigiwa, na pale juu ulipoandika "mimi ni mwaminifu" andika ulikuwa umeachiwa nini.