Namba za uhifadhi: jinsi ya kujua kama mmenyuko wa chembe unaruhusiwa

Kobalti-60 hutumika katika mashine za tiba ya mionzi ya saratani, tiba ambayo hapa Mwanza hutolewa Bugando. Kiini chake kina protoni 27 na nyutroni 33. Nyutroni moja inapogeuka kuwa protoni, kiini huwa cha nikeli-60, na chembe mbili hutoka nje: elektroni na antinyutrino. Mionzi ya gama inayoelekezwa kwenye uvimbe hutolewa na kiini hicho kipya cha nikeli muda mfupi sana baadaye. Kilichotokea ndani ya kiini huandikwa hivi:

n → p + e⁻ + ν̄

Mmenyuko wowote wa chembe hupimwa kwa namba ambazo jumla yake kabla ya tukio lazima ilingane na jumla yake baada ya tukio. Ya kwanza ni chaji ya umeme. Ya pili ni namba ya barioni, ambayo kwa protoni na nyutroni ni +1, kwa antichembe zao ni −1, na kwa elektroni na nyutrino ni sifuri. Ya tatu ni namba ya leptoni: elektroni na nyutrino zina +1, positroni na antinyutrino zina −1, na barioni zote zina sifuri. Kila namba huhesabiwa peke yake, na ziada ya moja haifidii upungufu wa nyingine.

Tukirudi kwenye nyutroni yetu, chaji ni sifuri kabla, na baada ni +1 ya protoni pamoja na −1 ya elektroni, yaani sifuri. Namba ya barioni ni 1 pande zote mbili. Namba ya leptoni ilikuwa sifuri, na sasa ni +1 ya elektroni na −1 ya antinyutrino, jumla sifuri. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita huielewa hesabu hii haraka, lakini wakiachwa waandike wenyewe, wengi huweka nyutrino mahali pa antinyutrino, kwa kuwa zote mbili hazina chaji na hazionekani kubadili chochote. Kumbe jumla ya leptoni inakuwa +2 wakati ilianza na sifuri, na mmenyuko huo haukubaliki.

Tofauti hiyo si ya karatasini tu. Kinu cha nyuklia hutoa antinyutrino kwa wingi mno, kwa sababu vipande vya urani iliyopasuka huwa na nyutroni za ziada zinazogeuka kwa njia ile ile ya kobalti. Katika miaka ya 1950, Raymond Davis aliweka kando ya kinu chombo chenye kimiminika cha kaboni na klorini, akitafuta mmenyuko huu:

ν̄ + ³⁷Cl → ³⁷Ar + e⁻

Chaji inakubali, kwani klorini ina protoni 17 na agoni 18, na elektroni inarudisha jumla kuwa 17. Barioni ni 37 kila upande. Leptoni ndiyo inayokataa: kushoto ni −1, kulia ni +1. Davis hakupata agoni iliyotokana na antinyutrino za kinu. Mwaka 1956 Frederick Reines na Clyde Cowan walitumia mmenyuko mwingine:

ν̄ + p → n + e⁺

Hapa leptoni ni −1 pande zote mbili, na wao waliziona positroni na nyutroni walizozitarajia. Baadaye Davis aliipeleka klorini chini ya ardhi katika mgodi wa Homestake, Marekani, kusubiri chembe kutoka kwenye jua. Jua hutoa nyutrino, zenye +1, na safari hii agoni ilipatikana, ingawa ilikuwa chache kuliko ilivyokadiriwa. Wanafizikia bado wanachunguza kama kuna matukio adimu yanayoivunja kanuni ya leptoni. Mpaka sasa hakuna lililothibitishwa.

Namba zote kulingana, hata hivyo, hakutoshi. Chukua p → n + e⁺ + ν: chaji ni +1 pande zote, barioni 1, leptoni sifuri. Hesabu imekamilika, lakini protoni iliyo peke yake haifanyi hivyo kamwe, kwa kuwa nyutroni ni nzito kuliko protoni kwa takriban 1.29 MeV, na positroni nayo inahitaji 0.511 MeV nyingine. Nishati hiyo haina mahali pa kutoka. Ndani ya baadhi ya viini mambo ni tofauti: kiini cha florini-18 kikigeuka kuwa oksijeni-18 hushuka nishati kiasi cha kulipia tofauti hiyo, na protoni yake moja huwa nyutroni huku ikitoa positroni. Kwa hiyo, baada ya kukagua namba hizo tatu, linganisha pia jumla ya masi za pande mbili, na ikiwa upande wa kulia ni mzito zaidi, uliza kama kuna mgongano au kiini kinachoweza kulipa hiyo tofauti.