Seli tupu haina kitu cha kunakiliwa

"Nikinakili jedwali kutoka kwenye PDF na kulibandika Excel, namba zinahamia safu zisizo zake. Kwa nini, na nizirudishe vipi kabla sijajumlisha?"

Kwa sababu ndani ya PDF nyingi hamna jedwali. Mna vipande vya maandishi, na kila kipande kimepewa mahali pa kuandikwa kwenye ukurasa. Safu unazoziona umezijenga wewe kwa macho yako, kwa kuwa namba zimepangwa wima zikaelekeana.

Hili nililikosea kwa muda mrefu. Niliamini jedwali limo ndani ya faili likiwa zima, na kwamba kunakili ndiko kunakolivunja. Kwa hiyo nilihangaika na kunakili: nilijaribu programu nyingine ya kufungulia, nikachagua mstari mmoja mmoja, nikabandika kwanza kwenye hati ya kawaida. Jedwali likiwa na mistari iliyozungushwa kila seli, ndipo nilipozidi kuwa na hakika, maana seli si hizi hapa, zinaonekana? Kumbe mistari ile nayo ni michoro tu. Faili inaagiza mstari uchorwe kutoka hapa hadi pale, na mahali pengine kabisa inaagiza 52 iandikwe. Hakuna inaposema kwamba 52 imo ndani ya kisanduku kile.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye mashine yoyote, na kazi hiyo haihitaji kujua safu ni nini. Tangu toleo la 1.4 la mwaka 2001, faili inaweza kubeba alama za kueleza kwamba hapa pana jedwali, mstari na seli. Lakini alama hizo si lazima, na faili nyingi hutengenezwa bila hizo.

Fikiria fundi wa kuandika mabango anayepokea maagizo kwa simu. Anaandika mstari wa Historia, wenye miezi mitatu na jumla mwishoni. Baada ya jina la mstari anaambiwa: sogea pointi 200 kutoka kushoto, panda hadi 640 kutoka chini, andika "48". Kisha: sogea hadi 360, kimo kilekile, andika "52". Hakuambiwa kuwa 200 ni Januari wala kuwa 360 ni Machi. Februari ikiwa tupu, hapigiwi simu kabisa. Bango likikamilika linasomeka vizuri, kwa sababu pengo la Februari unaliona. Sasa mwombe fundi akutajie kwa mdomo yale aliyoyaandika, moja baada ya jingine. Atasema: Historia, 48, 52, 100. Pengo limepotea kwa kuwa halikuwahi kuwa agizo.

Ndani ya faili, maagizo hayo huwa hivi, yakishafunguliwa kutoka kwenye mgandamizo:

```
BT
/F1 10 Tf
1 0 0 1 72 640 Tm (Historia) Tj
1 0 0 1 200 640 Tm (48) Tj
1 0 0 1 360 640 Tm (52) Tj
1 0 0 1 434 640 Tm (100) Tj
ET
```

Namba mbili kabla ya `Tm` ndizo mahali penyewe, na pointi 72 ni inchi moja. Itazame 434 ya mwisho. Safu ya Jumla imepangwa kwa ukingo wa kulia, hivyo 100 yenye tarakimu tatu imeanza mapema kidogo ili iishie sawa na wenzake. Namba ya tarakimu mbili kwenye safu hiyohiyo ingeanza 440. Ndiyo maana anayepanga namba kwa pale zinapoanzia huweza kuona safu mbili palipo na moja. Kwa namba, ukingo wa kuaminika mara nyingi ni wa kulia.

Tuchukue hesabu ya vitabu vilivyoazimwa maktaba, kama ilivyotoka baada ya kubandikwa:

```
Aina     Januari Februari Machi Jumla
Hadithi  120 95 140 355
Historia 48 52 100
Sayansi  76 81 157
Ramani   14 9 23
Jumla    244 190 201 635
```

Ukiigawa kwa nafasi, Excel haitalalamika. Machi itapata 140, 100, 157 na 23, yaani 420, ilhali jedwali lenyewe linasema 201. Hesabu imekubali, ila imejumlisha jumla za mistari kana kwamba ni vitabu vya Machi.

Anza kwa kuhesabu vipande. Vichwa vya namba ni vinne, na mistari mitatu ina namba tatu tatu, kwa hiyo kila mmoja umepoteza seli moja. Seli ya mwisho haikupotea: 48 na 52 ni 100, 76 na 81 ni 157, 14 na 9 ni 23. Jumla zisukume kulia mahali pake. Lililobaki ni kujua kila mstari umekosa mwezi gani, na mstari wa chini unajibu.

Januari ni 244. Toa 120 ya Hadithi, zinabaki 124. Wanaoweza kuwa Januari ni namba za kwanza za mistari ile mitatu: 48, 76 na 14. Zinazofika 124 ni 48 na 76 tu, basi Ramani ndiyo isiyo na Januari, na 14 ni ya Februari, 9 ya Machi. Februari ni 190. Toa 95 na 14, zinabaki 81. Hiyo ni Sayansi. 52 ya Historia inaenda Machi, na 140, 52 na 9 zinatoa 201. Andika sifuri au kistari kwenye mapengo matatu, kwa kufuata maana ya pengo katika hati: "hakuna kilichoazimwa" na "haikuhesabiwa" si kitu kimoja, na wastani utatofautiana.

Mimi hupenda sana kipimo hiki, kwa sababu jedwali linajisahihisha kwa ushahidi wake lenyewe. Lakini kina mipaka. Jumla zilizokadiriwa zinaweza kupishana kwa moja bila kosa lolote. Na seli mbili zikiwa na namba sawa, au zikikaribiana pale jumla zilipokadiriwa, mpangilio zaidi ya mmoja unaweza kukubali jumla zilezile.

Hapo, na pale pasipo mstari wa jumla, rudi kwenye mahali pa maandishi. Amri hii ya pdftotext, programu ya Poppler inayotoa maandishi ndani ya PDF na huandikwa kwenye dirisha la amri, huweka nafasi kulingana na umbali wa vipande kwenye ukurasa, hivyo pengo la Februari linabaki pengo:

```
pdftotext -layout ripoti.pdf
```

Ukiweka `-bbox` badala ya `-layout`, utapata kila neno na mipaka yake, na `xMax` ndiyo ule ukingo wa kulia. Hata hivyo amri nayo inakisia safu. Maelfu yaliyotenganishwa kwa nafasi, kama 1 250, yanaweza kugawanywa yakawa 1 na 250, na mstari huo utauona kwa kuwa na kipande kimoja zaidi ya vichwa. Na kama ukurasa ni picha iliyoskaniwa tu, amri itarudisha faili isiyo na neno: humo hamna hata herufi, na itabidi zisomwe kwanza kutoka kwenye picha.