Mstari Mmoja wa Jumla Unapokwamisha Malipo Yote

Chukua mfumo wa kampeni ya mchango unaotumia PostgreSQL. Kila mtu akichangia, muamala wake unaandika risiti, kisha unaongeza kiasi hicho kwenye mstari mmoja wenye jumla ya kampeni. Siku za kawaida mambo huenda vizuri. Kampeni ikitangazwa redioni, malipo yanaanza kukwama, ilhali prosesa za seva zimekaa bila kazi.

Kinachokwamisha ni kufuli. UPDATE ikigusa mstari, mstari unabaki umefungwa mpaka muamala mzima umalizike kwa COMMIT au ROLLBACK. Muamala ukiushikilia kwa milisekunde 5, mstari huo hauwezi kubadilishwa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, hata seva iwe na prosesa 64. Ili kuthibitisha, tazama pg_stat_activity: utakuta vikao vingi vyenye wait_event_type ya Lock, vyote vikisubiri UPDATE ileile.

Kabla ya kubadili jedwali, isogeze UPDATE hiyo iwe amri ya mwisho kabla ya COMMIT. Na tafadhali, usitume SMS ya shukrani ukiwa bado umeshikilia kufuli. Mtandao ukisuasua, wachangiaji wote wanasubiri. Mara nyingi marekebisho haya yanatosha.

Yasipotosha, igawe jumla katika mistari kadhaa, tuseme 16, na kila muamala uchague mmoja kwa bahati nasibu:

```sql
INSERT INTO jumla_mchango (kampeni, sehemu, kiasi)
VALUES (7, floor(random()*16)::int, 500)
ON CONFLICT (kampeni, sehemu) DO UPDATE
SET kiasi = jumla_mchango.kiasi + EXCLUDED.kiasi;
```

Ufunguo mkuu wa jedwali uwe kampeni na sehemu kwa pamoja. Jumla halisi inapatikana kwa sum(kiasi), na kusoma mistari 16 ni kazi ndogo sana.

Kuna mtego hapa. Ukiandika UPDATE yenye WHERE sehemu = floor(random()*16), PostgreSQL inakokotoa random() upya kwa kila mstari inaoukagua. Kwa hiyo mchango mmoja unaweza kuongezwa mara mbili, au usiongezwe kabisa, na hakuna kosa litakaloonyeshwa. Chagua namba kwanza, ndipo uitumie.

Usitarajie kasi ipande mara 16 kamili. Miamala miwili bado inaweza kuangukia mstari mmoja, na yote inaandika kwenye kumbukumbu ileile ya WAL. Anza na mistari michache, pima, kisha ongeza.

Njia hii inafaa kwa hesabu inayoongezeka tu. Kwa tiketi 100 zisizotakiwa kupitilizwa, mstari mmoja unaweza kuishiwa tiketi huku mingine ikiwa nazo, na mteja akaambiwa zimekwisha kumbe bado zipo. Hapo ni afadhali kila tiketi iwe na mstari wake, na muamala uchukue mmoja ulio wazi kwa FOR UPDATE SKIP LOCKED.